Dogo kaandika "someni" na "sisomi", ticha kampiga kosa. Hivi neno jipya ni lipi?

BabaJuni_Kibaha

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nyumbani kumekuwa na kesi.

Dogo yuko darasa la sita, karudi na daftari la Kiswahili, swali lilisema "Kutokana na kitenzi SOMA, unda maneno mapya matano". Yeye kaandika: someni, sisomi, asome, anasoma, masomo. Kapata moja tu, hiyo masomo. Jirani yake anayekaa naye dawati moja kaandika msomaji, msomi, somo, masomo, somesha, kapata tano zote.

Mi nimemuuliza ticha kwa ujumbe wa simu akanijibu "hizo alizoandika sio maneno mapya, ni lile lile". Sasa najiuliza lile lile kivipi wakati ukiziangalia kila moja ina herufi zake na kila moja ina maana yake, "someni" sio "sisomi" kabisa, moja naamuru nyingine nakataa. Sitaki kugombana na ticha, nataka kuelewa tu, alafu nimweleweshe mtoto maana kanuna tangu mchana.

Kipanga_Songea

Mkuu hiyo ndogo sana, sisi tulifundishwa hivi na haijawahi kunisumbua: unatafuta mzizi, hapa ni SOM. Vitu vinavyokaa kabla ya mzizi ni uambishaji, vinavyokaa baada ya mzizi ni mnyambuliko. Mnyambuliko ndio unazaa maneno mapya. Kwahiyo "anasoma" ni kosa kweli maana a-na- viko mbele, ila "someni" ina -eni nyuma ya mzizi, huo ni mnyambuliko, dogo alitakiwa apewe. Na "asome" ina -e nyuma. Mwambie ticha arudishe maksi zake.

mama_vitenge

Haya mambo ya kuwapa watoto kazi za nyumbani mpaka saa tatu usiku mi sijawahi kuyaelewa. Wangu analala na daftari kifuani. Mtoto wa darasa la sita anaundishwa maneno ili iweje, maneno si yapo tayari jamani

BabaJuni_Kibaha

@mama_vitenge dada swali sio wingi wa kazi, ni maana ya "neno jipya". Ila nimekusikia.

@Kipanga_Songea sasa kwa kanuni yako "msomaji" si ina m- mbele? Na hiyo kapewa.

Kipanga_Songea

Ina -aji nyuma pia. Hiyo -aji ndio inahesabika.

BibiWaPangani

Wajukuu, nimehariri vitabu vya watu miaka mingi kabla macho hayajachoka, hii kesi naijua. Kipanga una nusu. Kanuni ya mbele na nyuma inasaidia kupasi mtihani lakini inakudanganya kwenye jambo lenyewe, maana nyuma ya mzizi kuna kazi mbili tofauti zinafanyika na zinakaa jirani kama vyumba vya kupanga.

Mtazame huyo mtoto. Aliandika "someni". Kwa nini mtu aseme someni badala ya soma? Kwa sababu anaoongea nao ni wengi, basi. Akibaki mmoja atasema soma. "Sisomi", kwa nini -i? Kwa sababu umekanusha kitendo cha sasa, ukishaweka si- huko mwanzo bila -ta- wala -ku- basi -a haina ruhusa tena mwishoni. "Asome" hivyo hivyo, ukisema "nataka Juni..." sentensi yenyewe inakulazimisha umalizie "asome". Hujachagua neno, sentensi ndiyo imechagua umbo. Kitendo ni kile kile cha kusoma.

Sasa njoo kwa "msomi". Hakuna sentensi duniani inayokulazimisha kusema msomi. Ni wewe umeamua kutaja mtu wa aina fulani, na ni kitu kingine kabisa, sio kusoma tena bali ni mtu. Na hata watu wawili waliotoka kwenye soma hawafanani: msomaji ni yule aliyeshika gazeti hapo kibarazani, msomi ni mwenye elimu yake. Unaweza kuwa msomaji mzuri wa magazeti na usiitwe msomi hata siku moja.

Ticha yuko sawa kwa mtoto wako. Ila kwa huyo jirani yake ningempa nne. Somo na masomo ni neno moja, umoja na wingi.

BabaJuni_Kibaha

Aisee hiyo ya somo na masomo! Kwahiyo hata ile moja aliyopata dogo ameipata kwa...

BibiWaPangani

Hapana, yeye masomo kaliandika peke yake, halali yake. Jirani ndiye aliyelipwa mara mbili kwa mzigo mmoja.

Nahodha_wa_Unguja

Bibi shikamoo. Na hiyo "somesha" mbona mmeipita haraka? Huku kwetu mwalimu anasomesha, yaani anafundisha. Bara nikasikia mtu anasema "namsomesha mdogo wangu" nikadhani naye ni mwalimu, kumbe ana duka la spea analipa ada tu.

BibiWaPangani

Marahaba. Hapo umenisaidia maana ndiyo dalili ya pili. Kiambishi kinachounda neno jipya kinakupa neno linaloweza kuondoka nyumbani likaenda kuishi lake. -Ish- kazi yake ya asili ni kumfanya mtu atende, ila somesha halikubakia kwenye kumfanya mtu asome. Unguja limekwenda kwenye kufundisha, bara limekwenda kwenye kulipa ada. Au chukua kimbia. Mkimbiaji ni yule wa riadha. Mkimbizi je? Ni aliyekimbia vita na kwao, anaweza kuwa amekaa kambini miaka kumi hajakimbia hata hatua moja, bado ni mkimbizi.

Sasa tafuta mahali ambapo -eni imehama maana. Someni, pikeni, ondokeni, kimbieni. Zote ni "nyie wengi fanyeni". Hutapata hata moja iliyogeuka kuwa kitu kingine.

Na dalili ya tatu ni mapengo. Ile -i ya msomi inachagua. Soma kuna msomi, pika kuna mpishi, linda kuna mlinzi. Cheza? Hakuna "mchezi", kuna mchezaji. Imba? Hakuna "mwimbi", ni mwimbaji. Huwezi kujua mpaka ulisikie neno. Lakini -i ya kukanusha haiulizi mtu: sisomi, sipiki, silindi, sichezi, siimbi.

Kipanga_Songea

Ngoja ngoja bibi. Hapo mwenyewe umesema -i ya msomi na -i ya sisomi. Ni herufi moja hiyo, iko sehemu ile ile, mwisho wa SOM. Mnatuambia moja inaunda neno nyingine haiundi, kwa kuangalia nini? Naona kama tunaamua kwa hisia tu

BibiWaPangani

Swali zuri hilo. Usitumie soma, maana m haibadiliki hapo. Tumia pika.

Kipanga_Songea

mpishi... sipiki

Kipanga_Songea

Eh

BibiWaPangani

Umeona. Hatusemi "sipishi". Linda: mlinzi, lakini silindi. Iba: mwizi, lakini siibi. Andika: mwandishi, lakini siandiki. -I ya kuunda mtu inaivunja konsonanti iliyo mbele yake, k inakuwa sh, nd inakuwa nz, b inakuwa z. -I ya kukanusha inakuja inakaa pole pole haigusi kitu.

Sio hisia. Ni viambishi viwili vilivyokuja kufanana sura. Wataalamu wa Kibantu wanasema lugha mama ya zamani ilikuwa na irabu saba, zipo lugha za Kibantu mpaka leo zenye saba. Kulikuwa na i mbili, moja ya juu sana inayobana hewa mpaka konsonanti inayumba, na nyingine iko chini yake kidogo. Kiswahili kikapunguza irabu zikabaki tano, zile mbili zikawa moja kwa sikio. Ila konsonanti zilikuwa zimeshageuka, kwahiyo ule mgeuko unatuonyesha mpaka leo ni wapi palikuwa na ile i ya juu.

Nahodha_wa_Unguja

Subhanallah, yaani mpishi amebeba alama ya irabu iliyokwisha potea.

Na -e je bibi? Maana kuna "mtume" na kuna "nimtume", kuna "kiumbe" na "aumbe".

BibiWaPangani

Pacha wengine hao. Mtume ni tuma na -e ya kuunda jina, na inapatikana kwa vitenzi vichache tu, teua kuna mteule, umba kuna kiumbe, ukijaribu kwa pika huna kitu. "Nimtume" ni -e ya kuomba na kutaka, inakaa kwa vitenzi karibu vyote. Bahati mbaya e haivunji konsonanti kwahiyo hapo huna ushahidi wa sikio, unabaki na mapengo na maana tu.

fundi_wa_misimbo

Samahani naingilia na kesi yangu kidogo, inahusiana. Nina kiprogramu changu cha kutafuta matangazo ya kazi, mtu akiandika "pika" kimletee "anapika", "wapike", "hapiki" na kadhalika. Nilichofanya nikaweka kikate vitu vya mwisho vyote, kwanza -eni, -a, -i, -e, alafu kikate -ish-, -esh-, -an-, -w-. Mpaka hapo kukata irabu ya mwisho hakukunipa shida kubwa, lakini nilipokata -esh- mtu akitafuta "enda" anapata matangazo ya madereva yote, maana "endesha" imekatwa ikawa end. Na "tukana" ikakatwa ikabaki tuk, wakati hapo hakuna watu wanaotendeana kitu kinachoitwa "tuka", tukana ni tukana tu. Nilijua ni hitilafu ya programu, kumbe nilikuwa nachanganya vitu viwili ambavyo bibi anavisema.

Ila sasa swali, "jibu". Kukanusha ni "sijibu" hakuna -i. "Sisamehe", "sifikiri". Hapo kanuni ya kwamba -i haiulizi mtu inavunjika?

BibiWaPangani

Inavunjika, na nilikuwa nasubiri nani atanikamata. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo haviishii na -a havibadilishi irabu ya mwisho. Sijibu, nijibu, jibu, mwisho ule ule. Kwa watu wengi wanaweka -ni tu, jibuni, sameheni.

Ila tazama jambo moja kabla hujafuta kanuni. Hivyo vitenzi vinakataa irabu ya mwisho lakini vinakubali viambishi vya kunyambua bila matata. Fikiri, fikiria, fikirisha. Jibu, jibiwa, jibizana. Na vikishanyambuliwa, vinaanza kutii: "sifikiri" lakini "sifikirii". "Hajibu" lakini "hajibiwi". Yaani fikiria ni kitenzi kipya kilichozaliwa na -a yake mwishoni kama vingine, hakimkumbuki tena baba yake aliyekuwa mgeni. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko wa kamusi, kwamba kunyambua kumeunda kitenzi kizima, na kukanusha kunakuja baadaye juu ya kitenzi kilichokwisha kamilika.

fundi_wa_misimbo

Kwahiyo kwenye kukata naanza nje kuja ndani, irabu ya mwisho kwanza, alafu nasimama. Hizo -ish- naziacha ziwe vitenzi vyake. Nimeelewa.

Wanjiku_wa_Thika

Hamjambo wanauzi. Sisi huku Kenya tunaongea "-anga", kama "yeye husomanga usiku". Mwalimu wetu alikuwa anatuchapa kwa hiyo -nga, kwamba si Kiswahili sanifu. Hiyo mnaiweka wapi? Ni neno jipya?

Kipanga_Songea

Sisi -aga. "Anasomaga". Hata mi naandikaga hivyo hapa hapa 😂

Nahodha_wa_Unguja

Sisi hatusemi, tunasema "husoma" yatosha.

BibiWaPangani

Haijaingia kwenye sanifu lakini inafuata utaratibu vizuri kuliko wanaoichapa. Angalia inakaa wapi: anasomeshwaga. Som, kisha -esh- ya kufanyisha, kisha -w- ya kutendwa, kisha -a, kisha -ga nje kabisa. Hamna mtu anayesema "anasomagesha". Vya kuunda neno vinabanana na mzizi, vya kuonyesha wakati au mazoea vinakaa nje mlangoni. Na -ga haijaunda chochote, anasoma na anasomaga ni soma ile ile, moja inaeleza mazoea.

mwaka_wa_tatu

Habari, nasoma isimu chuo. Naomba nimpinge bibi kidogo kwa heshima. Hiyo -w- umeiweka kwenye vya kuunda neno bila kuitolea hoja. Kwa vipimo vyako mwenyewe -w- inaonekana kama umbo tu: inakubali karibu kila kitenzi chenye mtendwa, maana yake inatabirika, pigwa ni upande wa pili wa piga, na inakaa mwisho kabisa baada ya -ish- na -i- na wenzake. Pigishwa ipo, "pigwisha" haipo. Mhadhiri wetu mmoja anasema kutendwa ni mabadiliko ya sentensi, sio ya msamiati. Mwingine anasema ni mnyambuliko kama kauli nyingine. Sisi tunaandika kutegemea nani anasahihisha mtihani.

Kipanga_Songea

Hapo kijana kapiga penyewe. Pigwa ni piga, kilichobadilika ni nani kaumia

BibiWaPangani

Mjukuu umesoma vizuri na sitakukatalia vyote. -W- imekaa mpakani kweli, na ningekuwa nasahihisha mtihani ningewapa wote mnaotoa hoja.

Lakini nina mawili yananifanya niiweke ndani. La kwanza, tazama majina: mtuhumiwa, mshitakiwa, mpendwa. Ile -w- imeingia ndani ya jina. Ukitaka kuunda jina la mtu unaweza kuanzia kwenye kitenzi chenye -w-. Je unaweza kuanzia kwenye kitenzi chenye -ga? Au kilichokanushwa? Huwezi. Vya nje haviingii ndani ya neno jipya, -w- inaingia.

La pili ni elewa. Zamani, na mpaka leo kwa wazee wa pwani, tunasema "jambo hili limenielea", yaani limekuwa wazi kwangu. Elewa imetokana na hiyo elea kwa -w-. Leo nani anakumbuka? Na umesema hakuna kitu kinachokaa baada ya -w-. Eleweka. Elewesha. Elewana. BabaJuni mwenyewe kule juu kaandika "nimweleweshe mtoto", -w- iko katikati na -esh- iko baada yake.

mwaka_wa_tatu

Lakini bibi hapo si unathibitisha kinyume? Eleweka inawezekana kwa sababu elewa imeacha kuwa kutendwa, watu wanaiona mzizi mzima sasa. Pigwa bado ni kutendwa na ndio maana "pigweka" haipo. Kwahiyo -w- hai ni umbo, -w- iliyokufa ndio imekuwa neno.

BibiWaPangani

Ni kweli kwamba imekuwa mzizi. Lakini umbo tupu halifi namna hiyo. Nionyeshe "sisomi" moja iliyogandamana ikawa kitenzi kipya. Kiambishi kinachoweza kugandamana na kuhama maana kina damu ya kuunda maneno hata kama kazi yake ya kila siku ni ya sentensi. "Nimeshindwa kufungua mlango", nani kanishinda hapo? Shindwa nayo imeshahama.

mwaka_wa_tatu

Shindwa nakubali. Hiyo nyingine sijashawishika ila nitaitumia kwenye mtihani wa yule mhadhiri wa pili.

Wanjiku_wa_Thika

Na -ni ya "shuleni"? Kwetu mwalimu alisema ni shule tu imeongezwa mahali.

Nahodha_wa_Unguja

Lakini tunasema "nyumba yangu" na "nyumbani kwangu". Ngeli imebadilika kabisa, hata vivumishi vinafuata. Kama ni umbo tu la nyumba mbona limehama ukoo?

mwaka_wa_tatu

Umoja na wingi pia unahamisha, mtu mzuri, watu wazuri, na hatusemi watu ni neno jipya.

Nahodha_wa_Unguja

Mtu na watu ni pea. Nyumbani haina pea yake. Na nyumbani inaweza kuwa kijijini kwetu ambako sina hata nyumba.

BibiWaPangani

Hiyo -ni mniachie. Nimebishana nayo na wahariri wenzangu tangu tunatumia taipureta na kila mtu alistaafu na msimamo wake. Inakubali majina mengi ya vitu na mahali, inakataa ya watu, huendi "mwalimuni". Mnaona yenyewe inachagua, alafu kwa upande mwingine inatabirika.

BabaJuni_Kibaha

Wakuu nimesoma yote, nashukuru sana, bibi shikamoo. Nimekaa na dogo, nikamwambia ajaribu tena lakini kila neno aniambie ni sentensi imemlazimisha au yeye kachagua. Kaandika: somo, msomaji, msomi, kisomo, someka. Hiyo kisomo kaitoa kwa bibi yake, anasema kuna kisomo cha Ijumaa. Someka kaniambia "baba mwandiko wako hausomeki". Nikamwambia hausomeki ina -i mwishoni, kwahiyo aandike someka sio someki, akaelewa mwenyewe kabla sijamaliza.

Alafu akaniuliza, na "kusoma" je? Nikasema hilo ni kitenzi. Akasema mbona tunasema "kusoma kwake ni kuzuri", kitenzi gani kinapewa uzuri. Nimemwambia akalale.

Kipanga_Songea

😂😂 Bibi jibu hilo

BibiWaPangani

Nami naenda kulala.